Hewa Iliyomo Ndani ya Tairi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Mikese, na malori hayaishi kupita juu yake usiku na mchana. Mengine husimama kando ya njia. Dereva hushuka, huzunguka gari lake, na kuyapiga matairi moja moja kwa chuma huku akisikiliza. Tairi lenye hewa ya kutosha hutoa mlio mkali na chuma huruka, bali lililolegea hutoa mlio mzito kama wa gunia. Dereva aliye mwangalifu zaidi hana haja ya kukisia kwa sikio. Yeye huchukua geji, huikandamiza juu ya mdomo wa kujazia hewa, na kusoma hesabu.

Hesabu ile inayosomwa katika geji yataka kufahamiwa vema, maana haisemi yote yaliyomo ndani ya tairi. Ndiyo sababu nimechagua swali lifuatalo, lililo katika karatasi ya maswali iliyopigwa picha kwa simu na kupelekwa kwa wanafunzi wasome nyumbani. Swali lenyewe ni hili:

Tairi la lori lina ujazo wa lita 100. Alfajiri, hewa iliyomo ikiwa na joto la 27 °C, geji ilionyesha paundi 100 kwa inchi ya mraba. Baada ya safari hewa hiyo ilikuwa na joto la 57 °C. Kanieneo ya hewa ya nje ni paundi 14 kwa inchi ya mraba. Ujazo wa tairi haukubadilika. Kwanza, geji itaonyesha paundi ngapi baada ya safari? Pili, ndani ya tairi mna gramu ngapi za hewa?

Kabla ya kushika kalamu, tuitazame picha yenyewe. Karatasi ilikuwa imekunjwa, na kivuli cha mkono wa aliyepiga picha kimelala juu ya mstari wa pili. Kile kiduara kidogo kinachoonyesha digrii kimeshuka kikawa kama sifuri, hata mwanafunzi mmoja akasoma “270 C” badala ya 27 °C. Na mwisho wa mstari umekatwa, ikabaki “100” peke yake pasipo jina la kipimo. Mambo haya ni ya kawaida katika picha za karatasi, na dawa yake si kukaza macho tu, bali kuuliza kama jambo lisomwalo laweza kuwa kweli. Maji yanachemka kwenye digrii 100. Je, yawezekana hewa ya alfajiri iwe na joto la digrii 270? Kwa joto hilo mpira wenyewe ungeharibika. Basi ni digrii 27.

Na ile “100” isiyo na jina? Kuna vipimo viwili vinavyotumiwa sana kwa matairi, yaani paundi kwa inchi ya mraba, na kilopaskali. Kama ingekuwa kilopaskali 100, hiyo ni sawa na paundi 14 na nusu tu, nayo haitoshi hata kuliinua lori lenye mzigo. Tairi la lori kubwa hujazwa paundi 100 au zaidi. Kwa hiyo twajua kuwa mstari uliokatwa ulisema paundi. Hata hivyo, mwanafunzi aliye na njia ya kumwuliza mwalimu wake na amwulize, kwa maana kukisia vizuri bado ni kukisia.

Sasa tuje kwenye kanuni. Wataalamu wamejua tangu zamani kwamba hewa iliyofungwa chomboni ina mambo manne yanayoshikamana, hata ukibadili moja, jingine hubadilika pamoja nalo. La kwanza ni kanieneo, yaani kani ya hewa inayosukuma juu ya kila eneo la ukuta wa chombo. La pili ni ujazo wa chombo. La tatu ni wingi wa hewa iliyomo. La nne ni joto lake. Kanuni inayoyafunga yote manne huandikwa hivi:

P × V = n × R × T

P ni kanieneo, V ni ujazo, n ni wingi wa hewa, T ni joto. Ile R ni namba isiyobadilika, nayo ndiyo kama mizani inayosawazisha pande mbili. Kanuni hii ni fupi, hata mtoto aweza kuikariri kwa dakika moja. Lakini huwashinda wengi, na kinachowashinda si kuzidisha wala kugawanya. Wao huchukua namba kama zilivyo katika swali na kuzitia moja kwa moja mahali pa herufi. Kanuni haikubali namba za namna hiyo. Inataka joto na kanieneo vihesabiwe kutoka mahali ambapo kweli hapana kitu, na vipimo vyote viwe vya ukoo mmoja na R.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo kosa lililo kubwa.

Fikirini mtoto aliye darasa la tatu na mwingine aliye darasa la sita. Sita ni mara mbili ya tatu. Je, yule wa darasa la sita ana umri mara mbili ya mwenzake? Sivyo. Yule mdogo huenda ana miaka 9, na yule mkubwa miaka 12. Hesabu ya madarasa ilianza siku walipoingia shuleni, lakini maisha yao yalianza kabla ya siku hiyo. Mtu akitaka kulinganisha umri wao hana budi kuanza kuhesabu tangu siku ya kuzaliwa.

Ndivyo ilivyo kwa joto la sentigredi. Sifuri yake iliwekwa mahali maji yanapoganda kuwa barafu, kwa kuwa ni mahali rahisi kupaona. Lakini hewa iliyo kwenye sifuri hiyo haikukosa joto. Chembe zake bado zaenda mbio na kuzigonga kuta za chombo kwa nguvu. Ukizidi kuipoza, mbio zake hupungua, na kanieneo hushuka. Watu walipopima kwa uangalifu waliona kwamba, kwa kila digrii moja inayoshuka, kanieneo hupungua sehemu moja katika 273 ya ile iliyokuwapo kwenye sifuri ya barafu. Basi hesabu ni nyepesi: ukishuka digrii 273, sehemu zote 273 zimekwisha, wala hapana kinachobaki. Hewa ya kweli haifiki huko ikiwa hewa, maana hugeuka kimiminiko ikikaribia digrii 190 chini ya sifuri. Lakini mstari wa hesabu waonyesha wazi mahali ambapo sifuri ya kweli ipo.

Mwaka 1848 mtaalamu aliyeitwa William Thomson, ambaye baadaye alipewa heshima ya kuitwa Lodi Kelvini, alitoa shauri kwamba joto lihesabiwe kwa kipimo kinachoanza kwenye sifuri ya kweli. Kipimo hicho leo chaitwa kelvini kwa jina lake. Kukipata ni kuongeza 273 juu ya digrii za sentigredi. (Wapimao kwa uangalifu zaidi huongeza 273.15, lakini katika swali letu kipande hicho hakibadili kitu.) Kwa hiyo:

27 + 273 = 300

57 + 273 = 330

Tazameni tofauti yake. Kwa sentigredi, 57 yapita mara mbili ya 27, na mtu angedhani kwamba joto limezidi maradufu. Kwa kelvini, 330 yazidi 300 kwa sehemu moja tu katika kumi. Hilo la pili ndilo kweli, na ndilo hewa ya tairi inalolifuata.

Jambo la pili ni sifuri ya geji, nalo limefichika zaidi, kwa kuwa geji ni chombo cha chuma na watu huziamini hesabu zake.

Chukueni dumu tupu la plastiki. Alfajiri, kungali na baridi, lifungeni kwa kifuniko hata hewa isipite, kisha liacheni juani. Adhuhuri mtalikuta limevimba ubavu. Sasa, kama mngelipima kwa geji wakati wa kulifunga, geji ingeonyesha nini? Ingeonyesha sifuri, kwa kuwa hewa ya ndani na hewa ya nje zilikuwa zikisukumana kwa nguvu zilizo sawa. Mtu akiitia sifuri hiyo katika kanuni, ataona kwamba sifuri ikiongezwa sehemu moja katika kumi yabaki sifuri, tena ikizidishwa mara mia bado ni sifuri. Kwa hesabu yake dumu halitavimba kamwe. Lakini dumu limevimba mbele ya macho yake.

Maana yake ni kwamba sifuri ya geji si mahali pasipo hewa. Geji haipimi kanieneo yote iliyo ndani, bali hupima ni kiasi gani ya ndani imezidi ile ya nje. Hewa ya nje nayo ina kanieneo kubwa, ila hatuihisi kwa sababu hutusukuma kutoka pande zote. Pwani, usawa wa bahari, ni kama paundi 14.7 kwa inchi ya mraba. Kadiri mtu apandavyo juu ndivyo inavyopungua, maana hewa iliyobaki juu ya kichwa chake ni kidogo zaidi. Mikese i juu kidogo kuliko pwani, hivyo swali letu limesema paundi 14, na hiyo yafaa. Juu ya vilele vya Uluguru, vinavyopita mita 2,600, kanieneo ya hewa ni karibu robo tatu tu ya ile ya pwani. Mtu akinywa maji yake yote huko juu, akafunga vizuri chupa tupu ya plastiki na kushuka nayo mpaka mjini Morogoro, ataikuta imebonyea kana kwamba imekamatwa na mkono. Hakuna aliyeikamata ila hewa ya mjini, ambayo yasukuma kwa nguvu zaidi kuliko ile iliyofungiwa ndani.

Basi, tukitaka kanieneo ya kweli iliyo ndani ya tairi, twaongeza kanieneo ya nje juu ya hesabu ya geji:

100 + 14 = 114

Sasa tu tayari kujibu swali la kwanza. Tairi halikubadili ujazo wake, wala hakuna hewa iliyotoka wala kuingia. Kati ya mambo yetu manne, mawili yametulia. Yamebaki kanieneo na joto, nayo hupanda pamoja kwa kadiri ileile. Joto limetoka kelvini 300 likafika 330, yaani limezidishwa kwa 1.1. Kanieneo nayo izidishwe kwa 1.1:

114 × 1.1 = 125.4

Je, hilo ndilo jibu? Bado. Swali halikuuliza kanieneo ya kweli, liliuliza geji itaonyesha nini. Geji, kama tulivyosema, huacha kuhesabu hewa ya nje. Kwa hiyo tuiondoe tena ile 14 tuliyoiongeza:

125.4 − 14 = 111.4

Geji itaonyesha paundi 111 na kitu. Wanafunzi wengi huongeza 14 mwanzoni na kusahau kuiondoa mwishoni, kama mtu aliyevua viatu kuingia nyumbani kisha akatoka miguu mitupu.

Yule aliyetumia sentigredi atapata nini? Atagawanya 57 kwa 27 na kupata mara 2.1, kisha atasema geji itaonyesha paundi 211. Na yule aliyetumia kelvini lakini akasahau hewa ya nje atapata paundi 110, jibu lililo karibu sana na kweli. Katika tairi la lori kosa hili la pili ni dogo, kwa kuwa 14 ni kidogo kando ya 100. Lakini katika mpira wa kandanda, ambao geji yake huonyesha paundi 9 au 10 hivi, ile 14 ya nje ni kubwa kuliko hesabu ya geji yenyewe, na mwenye kuisahau ataharibu hesabu yake yote.

Hapa yafaa tuiache karatasi kidogo turudi barabarani, maana swali hili si la darasani tu. Wako watu wanaopima tairi likiwa la moto, wakaona geji imepanda, wakaingiwa na hofu kwamba tairi litapasuka. Mara wanabonyeza mdomo wa kujazia na kuitoa hewa hata geji irudi 100. Waonaje, wamefanya vema? Tufuate kanuni. Tairi sasa lina paundi 100 kwa geji, yaani 114 za kweli, likiwa kwenye kelvini 330. Usiku ukifika, nalo likapoa mpaka kelvini 300, kanieneo itagawanywa kwa 1.1:

114 ÷ 1.1 = 103.6

103.6 − 14 = 89.6

Alfajiri ya pili lori laondoka na paundi 90 kasoro, ilhali mzigo wake unataka 100. Tairi lililopungukiwa hewa hubonyea kila linapogusa lami. Kila mzunguko mbavu zake hujikunja na kujikunjua, na huko kujikunja huleta joto jingi zaidi kuliko desturi. Joto hilo hudhoofisha mpira na nyuzi zilizomo ndani yake, mpaka mwisho tairi hupasuka katikati ya safari. Basi yule aliyetoa hewa kwa kuogopa tairi lisipasuke, ndiye aliyelitayarisha kupasuka. Watengenezaji wa matairi wanajua kwamba geji itapanda njiani, na hesabu waliyoiagiza ni ya tairi lililopoa. Kwa hiyo mtu apime asubuhi kabla ya kuondoka. Akiona njiani kwamba imepanda kwa sehemu kama moja katika kumi, aiache ilivyo. Akiona tairi moja limepanda kupita wenzake wote, hapo ana sababu ya kulitazama, maana huenda ndilo lililoanza safari na upungufu, au breki yake inashika.

Turudi sasa kwenye swali la pili, la gramu za hewa. Hapa hatuwezi tena kulinganisha kabla na baada. Hatuna budi kuitumia kanuni nzima pamoja na R, na R ina masharti yake. Kwenye karatasi imeandikwa R = 8.314. Namba hiyo ni kweli endapo tu kanieneo imeandikwa kwa paskali, ujazo kwa mita za ujazo, joto kwa kelvini, na wingi wa hewa kwa moli. Moli ni namna ya kuhesabia chembe, kama vile dazeni ilivyo namna ya kuhesabia mayai, ila ni dazeni kubwa ajabu. Kwa kazi yetu yatosha kujua kwamba moli moja ya hewa ina gramu 29 hivi.

Joto tunalo tayari, ni 300. Kanieneo ya kweli alfajiri ni paundi 114. Paundi moja kwa inchi ya mraba ni sawa na paskali 6,895, basi:

114 × 6,895 = 786,030

Ujazo ni lita 100. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000, kwa hiyo lita 100 ni 0.1 ya mita ya ujazo. Sasa, na sasa tu, tunatia namba mahali pa herufi:

n = (786,030 × 0.1) ÷ (8.314 × 300)

n = 78,603 ÷ 2,494.2 = 31.5

Moli 31.5, kila moja gramu 29, ni gramu 914 hivi. Ndani ya tairi moja la lori mna karibu kilo nzima ya hewa, kama pakiti ya sukari. Wengi hawasadiki wakiambiwa, kwa kuwa wamezoea kusema kwamba kitu chepesi ni kama hewa.

Lakini twajuaje kwamba jibu hili ni kweli? Hapo ndipo napenda mwanafunzi akae kidogo, asikimbilie swali jingine. Lita moja ya hewa ya kawaida, kwa joto la digrii 27 hapa Mikese, ina gramu 1.1 hivi. Lita 100 zake basi zina gramu 110. Ndani ya tairi hewa hiyo imesongwa, maana kanieneo yake ni 114 mahali pa 14, yaani mara nane na kidogo. Nane mara 110 ni 880, na ile “kidogo” itatufikisha kwenye 900. Jibu letu la 914 limekaa mahali pake. Njia hii ya pili haikutumia R wala paskali, ndiyo maana ushahidi wake una nguvu.

Pima kwa mizani hiyo makosa ya wanaotia namba kabla ya kuzigeuza. Aliyeacha lita 100 bila kuzigeuza kuwa mita za ujazo atapata kilo 914, karibu tani moja ya hewa katika kila tairi! Kosa hilo hupiga kelele lenyewe, na mwenye akili atalisikia. Aliyeacha joto kuwa 27 atapata kilo 10 na zaidi. Hilo halipigi kelele sana, lakini ile njia yetu ya pili yalikataa mara moja. Aliyeacha paundi kuwa paundi na lita kuwa lita ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwa sababu makosa yake mawili yanavutana huku na huku:

(114 × 100) ÷ 2,494.2 = 4.57

Moli 4.57 ni gramu 132 hivi. Jibu hili lina sura ya ukweli, wala hakuna atakayeshtuka akilisikia. Lakini lita 100 za hewa ya kawaida, isiyosongwa hata kidogo, zina gramu 110. Ingekuwaje tairi lililojazwa kwa pampu mpaka likawa gumu kama jiwe liwe na gramu 22 tu zaidi ya tairi lililolala pancha?

Kanuni hii ina mipaka yake. Imejengwa juu ya hewa ya kufikiriwa, ambayo chembe zake hazichukui nafasi yoyote wala hazivutani. Hewa ya kweli si hivyo kabisa. Lakini katika tairi, ambamo imesongwa mara nane tu, tofauti ni ndogo hata geji ya fundi haiwezi kuiona. Zaidi ya hayo, karatasi ilisema ujazo haukubadilika, na tairi la kweli hupanuka kidogo likipata moto, hivyo geji itapanda pungufu kidogo ya 111.

Bali kuna chombo kimoja ambacho watu wengi wanacho jikoni, na kanuni yetu haikifai kabisa, nacho ni mtungi wa gesi ya kupikia. Ndani yake sehemu kubwa si gesi bali ni kimiminiko, na juu ya kimiminiko hicho ndipo ilipo gesi. Unapopika, gesi hutoka, na kimiminiko hutoa gesi nyingine kuijaza nafasi yake. Kwa hiyo mtungi uliojaa na mtungi uliobakiwa na robo, vikiwa na joto moja, vina kanieneo moja. Geji iliyowekwa juu ya mtungi itasimama mahali pamoja siku nyingi, kisha itaanguka ghafula mara kimiminiko kikiisha, na chakula kingali hakijaiva. Atakaye kujua ni gesi kiasi gani iliyobaki na aupime mtungi kwa mizani, kisha aondoe uzito wa mtungi mtupu, ambao mara nyingi umeandikwa penye shingo yake.